Kipakatalishi cha GB 2 kiachane na Windows

Zipo shule za upili hapa Kenya ambazo maabara zake zina vipakatalishi vilivyotumika maofisini kwa miaka kabla ya kufika mikononi mwa wanafunzi: RAM ya GB 2, prosesa ya Celeron au Core 2 Duo, na diski ya zamani ya kuzunguka. Msimamo wangu kuhusu mashine hizi ni kwamba ziondolewe Windows 10 na ziwekewe Linux. Nitataja pia chache zenye nguvu zaidi zinazofaa kubaki na Windows, na sababu yake.

Anayetaka kujua kwa nini zinakwama aiwashe moja, aiache itulie dakika tano bila kufungua chochote, kisha abonyeze Ctrl+Shift+Esc. Kwenye Task Manager atakuta Windows 10 pekee imeshakula kama GB 1.2 hadi 1.4. Hizo GB 2 nazo si kamili, kwa sababu kadi ya picha ya mashine kama hizi haina kumbukumbu yake na hukopa kwenye RAM. Kwa hiyo kabla mwanafunzi hajagusa kibodi, kilichobaki ni kidogo mno. Akifungua kivinjari na Word kwa pamoja, RAM inajaa, na Windows inaanza kuhamishia sehemu ya data kwenye faili la pagefile.sys lililo kwenye diski.

Hapo ndipo darasa linaposimama. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huchukua milisekunde kumi na kitu kufikia sehemu moja tu ya data, na inatakiwa ifanye hivyo mara maelfu. Safu ya Disk itasoma 100% huku prosesa ikiwa haina kazi kubwa. Ukiona hali hiyo, usimwite fundi aje kufomati na kuweka Windows ile ile upya. Itakwenda vizuri siku chache, masasisho yatashuka, antivairasi itaanza kukagua diski, na mtarudi pale pale.

Kusubiri toleo jipya pia hakusaidii. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai angalau GB 4 za RAM, chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Core 2 Duo haimo.

Lakini si kila Linux inafaa, na hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa mapema. Mtu anapakua Ubuntu ya kawaida, anaiweka kwenye mashine ya GB 2, inakwenda kwa kuchechemea, naye anahitimisha kwamba Linux haina tofauti na Windows. Kinachokula kumbukumbu pale ni GNOME, yaani eneo-kazi lenyewe, si kiini cha mfumo. Mimi ninapendekeza Debian yenye eneo-kazi la LXQt. Ikishatulia baada ya kuwaka, kwa kawaida hutumia chini ya MB 500. Lubuntu nayo ina LXQt, ila Firefox yake huja kama kifurushi cha snap, na kwenye diski ya zamani kuifungua mara ya kwanza kunachukua muda mrefu. Firefox ya Debian haina tatizo hilo.

Kabla ya kufuta chochote, washa mashine kutoka kwenye fleshi yenye Debian ya majaribio, ile iitwayo live. Angalia kama Wi-Fi inashika, hasa ikiwa chipu yake ni ya Broadcom, kwani baadhi ya chipu hizo zinahitaji programu ya ziada. Angalia pia tarehe. Betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, saa hurudi miaka ya nyuma kila stima ikipotea, tovuti zinakataa kufunguka, na apt, programu ya Debian ya kupakua na kuweka vifurushi, inalalamika kwamba faili la Release ni "not valid yet". Hapo watu huilaumu Linux, na dawa ni kubadilisha betri.

Mfumo ukishakaa, hatua moja tu ndiyo ninayoiona ya lazima: zram. Badala ya kukimbilia diski RAM inapobana, mfumo hubana data zisizotumika kwa sasa na kuzihifadhi ndani ya RAM hiyo hiyo zikiwa zimepungua ukubwa. Prosesa huongezewa kazi kidogo, lakini hilo ni afadhali mara nyingi kuliko kuisubiri diski.

```
sudo apt install zram-tools
```

Kisha kwenye faili la /etc/default/zramswap andika mistari hii, uhifadhi, na uwashe mashine upya:

```
ALGO=lz4
PERCENT=50
```

Ukitaka kupima, andika `free -h` na usome safu ya available. Safu ya free huwatisha watu bure, maana Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi mafaili iliyoyasoma karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji.

Sitawadanganya wasomaji kuhusu kivinjari. Tovuti za leo ni nzito kwenye Linux kama zilivyo kwenye Windows. Kwa GB 2, mwanafunzi atafungua LibreOffice Writer na vichupo viwili au vitatu vya Firefox kwa utulivu. Akifika vichupo kumi, mashine itakwama tu. Shule ikipata fedha kidogo, inunue RAM na diski ya SSD kabla ya kitu kingine, mradi fundi afungue kwanza kifuniko aone kama RAM inabadilishwa au imechomelewa kwenye ubao.

Faida ambayo haizungumzwi vya kutosha ni bando. Mashine ishirini za Windows zinazogawana modemu moja zinaweza kumaliza data ya mwezi kwa masasisho, hasa kama kila moja inajipakulia yake. Kwenye Debian, mwalimu anaweka apt-cacher-ng kwenye kompyuta yake. Kila kifurushi kinashuka mara moja kutoka intaneti, kisha mashine nyingine zinakichukua kwake. Kama kompyuta ya mwalimu ina anwani 192.168.1.10, kila mashine ya mwanafunzi inahitaji mstari huu kwenye /etc/apt/apt.conf.d/00proxy:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
```

Sasa zile mashine za kuachwa. Karatasi ya vitendo ya somo la kompyuta kwenye KCSE humdai mtahiniwa atengeneze hifadhidata na chapisho, na shule nyingi hufundisha kazi hizo kwa Access na Publisher. LibreOffice ina Base, lakini Base haifungui kazi ya Access kwa ukamilifu, inategemea Java kwa sehemu zake kadhaa, na ni nzito kwa GB 2. Kumbadilishia mwanafunzi wa kidato cha nne programu miezi michache kabla ya mtihani si haki. Kwa hiyo chagua vipakatalishi vyenye nguvu zaidi, vya GB 4 kwenda juu, uviache na Windows 10 na Office yake, na ukate intaneti kabisa. Access haihitaji mtandao, na mfumo usiopata masasisho haufai kuwa mtandaoni. Hatari inayobaki ni fleshi za wanafunzi, zile zinazoficha folda na kuacha njia za mkato za uongo. Vairasi hao hawafanyi kazi kwenye Debian, kwa hiyo kila fleshi ipitie kwanza kwenye mashine ya Linux: mwalimu aone folda zilizofichwa, anakili kazi ya mwanafunzi peke yake, aifomati fleshi na kuirudishia kazi hiyo, ndipo ichomekwe upande wa Windows.