MAX niliyoiandika kwa mkono wangu

Wadau, najua mmeshasikia. Kuna mshikaji wangu, ambaye hata hakuwepo, keshawaambia watu kwamba jana nimeunguza kompyuta kumi na mbili kwa mpigo. Mwongo. Hakuna hata moja iliyoungua. Zilikuwa za baridi kama maji ya mtungini, na aibu yangu inaanzia kwenye ubaridi huohuo.

Mwenye kuendesha kafe ya magemu ananielewa: mashine zile ni za kila mtu, na kila wa zamu ana mapishi yake. Wa asubuhi anabadilisha hiki, wa usiku anakirudisha. Matokeo yake watoto wanagombania namba nne, namba tisa haina mwenyewe. Siku nilipoikagua hiyo namba tisa nikakuta skrini ya hezi 144 inakimbia kwa hezi 60, kwa sababu Windows iliposimikwa upya hakuna aliyekumbuka kuipandisha. Damu ikanichemka. Nikakaa nikaandika ILANI KWA WAFANYAKAZI WOTE, nikaipiga laminesheni, nikaibandika nyuma ya kaunta.

Kipengele cha kwanza kilihusu hezi za skrini, na hicho kilikuwa sawa, naomba kiandikwe kwenye kumbukumbu. Cha pili kilihusu mpango wa umeme, ule unaoiambia prosesa ijitume au ijibane. Nikaamua kila mashine ipewe amri hii:

```
powercfg /setactive SCHEME_MAX
```

Wanaojua wameshaanza kucheka. Subirini kwanza.

Kijana wangu wa zamu ya usiku aliisoma mara mbili. Akaniuliza kwa adabu zote, "Bosi, hii MAX una uhakika nayo?" Nikamjibu, na maneno haya ananirudishia mpaka leo, "Wewe MAX unaijua au huijui?" Akasema anaijua. Nikamwambia basi fanya kazi.

Kipengele cha tatu ndicho kilichonimaliza. Kompyuta zetu zina programu ya kugandisha diski: mteja akiharibu chochote, ukiizima na kuiwasha mashine inarudi kama ilivyogandishwa. Ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Sasa mimi, kwa kuogopa amri yangu isifutike, nikaagiza kila mashine iyeyushwe kwanza, ipewe amri, kisha igandishwe tena. Yaani nililifungia kosa ndani kwa kufuli na ufunguo nikaumeza.

Jana kulikuwa na mashindano. Nikasimama katikati ya chumba, kifua mbele, nikawaambia vijana kwamba mashine zote sasa ziko sawa, hakuna namba nne wala namba tisa. Nikaongeza (Mola anisitiri), "Hata feni sikilizeni zilivyotulia."

Zilitulia kweli. Hazikuwa na kazi ya kufanya.

Dakika ya tatu wa kwanza akapiga kelele. "Anko, inakwama!" Wa pili akadakia. Namba nne, malkia wetu, iliyozoea fremu 140 kwa sekunde, ilikuwa inacheza kati ya 60 na 75, na kila moshi wa bomu ukitokea picha inasimama kama imepigwa msumari. Nikailaumu intaneti. Nikawapigia watu wa mtandao, nikawafokea, wakati pembeni ya skrini kila mtoto anaiona pingi yake iko vilevile kama siku zote. Nikawasha upya mashine tatu. Zikaamka na ugonjwa uleule, maana nilishaugandisha. Nikasema basi ni joto, nikafungua ubavu wa namba nne, nikatia mkono. Baridi. Hapo mwenye akili angesimama akajiuliza, kwa sababu mashine iliyopunguza kasi kwa joto utaisikia feni inavyolia na mkono utaungua. Ikiwa nzito halafu ni ya baridi, kuna mtu kaishika shati. Mimi nikasema, "Labda kadi ya picha imechoka."

Ndipo alipoinuka mmoja wao, mtoto ndevu hazijaota. "Anko, naweza kuangalia?"

Akaja kwenye namba nne. Nakumbuka kila kitu, mpaka kucha zake. Akafungua Task Manager, kidole kikashuka taratibu. Kadi ya picha: asilimia 45, imekaa kama fundi aliyeishiwa tofali. Akapanda juu kwenye prosesa. Kasi ya msingi ilisomeka 3.60 GHz. Kasi ya wakati ule ilikuwa 1.62, na gemu iko hewani. Akakunja uso. Nikakunja wangu pia, ili tufanane. Akafungua dirisha jeusi la amri, na huku chumba kizima kimeshatuzunguka, na mimi bado nimeshika ule ubavu wa kompyuta kifuani kama sinia, akaandika:

```
powercfg /getactivescheme
```

Jibu likatoka, namba ndefu ndefu, na mwisho wake kwenye mabano: Power saver.

Kimya.

Akainua macho akaiona ilani nyuma ya kaunta. Wadau, laminesheni inang'aa sana. Akaisoma yote, kwa sauti, mpaka jina langu na sahihi. Kisha akanieleza kwa upole wa daktari anayempa mtu majibu: "Anko, MAX hapa maana yake kubana umeme kwa kiwango cha juu kabisa. Uliyokuwa unaitaka inaitwa SCHEME_MIN. Inabana umeme kidogo kabisa, ndiyo High performance."

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Chumba kililipuka. Kuna mmoja alikaa sakafuni. Kijana wangu wa usiku, ambaye hata zamu yake haikuwa imefika, aligeuka ukutani mabega yanatikisika. Na yule mtoto, kwa kuniongezea chumvi kwenye kidonda, akamalizia: "Halafu hata ungeiacha Balanced kama ilivyokuwa, kwenye gemu usingeona tofauti kubwa."

Yaani ilani nzima, laminesheni yote ile, haikuhitajika.

Yaliyofuata hayana utamu. Tukayeyusha mashine zote kumi na mbili, tukaweka SCHEME_MIN, tukahakiki, tukagandisha upya, mashindano yakaanza yamechelewa na kila mtu nikamrudishia saa yake. Watu wa mtandao nimewapigia kuwaomba radhi. Hawajapokea.

Nimeandika ilani mpya. Kijana wa usiku ameipitia kabla haijaenda kwenye laminesheni, akaongeza kipengele chake: baada ya amri yoyote, andika getactivescheme usome mabano kabla hujagandisha. Nimekubali. Ile ya zamani niliwaambia waitoe ukutani, wamegoma. Sasa hivi nikimwagiza mtu yeyote alete kitu haraka, ananiuliza kwanza, "Bosi, haraka ya kawaida au haraka MAX?"