Seli yenye njaa: inafagia au inakula?

"Tunaambiwa mtu akifunga, seli zake hula uchafu wake zenyewe na mwili ukasafishika. Ni kweli?"

Nusu ni kweli, ila si ile nusu inayosifiwa sana kila Ramadhani ikikaribia. Seli hujila kweli. Christian de Duve ndiye aliyeupa mwendo huo jina la otofajia mwaka 1963, maana yake ni hiyohiyo ya kujila. Mzozo uko kwenye sababu. Wapo wanaosema njaa huiamsha seli ishike ufagio, na wapo wanaosema njaa huiamsha itafute riziki. Hawa wa pili husikika kama watu wa kubeza saumu, na hapo ndipo wanapoonewa, kwa sababu ushahidi mwingi unaotajwa kuwapinga kwa hakika uko upande wao.

Tutazame kazi yenyewe. Ndani ya seli hutokea utando mdogo bapa, ukaanza kujikunja kama bakuli. Kingo zake hurefuka, zikazunguka chochote kilicho mbele yake, kisha zikakutana na kufungana. Hicho ndicho kifuko kiitwacho otofagosomu: kina kuta mbili na upana wa takriban nusu mikromita hadi mikromita moja na nusu, kwa hiyo hata mitokondria nzima, yaani mashine ya nishati ya seli, yaweza kuingia. Kukamilika kwake huchukua kama dakika 10. Kifuko husafirishwa hadi kwenye lisosomu, tumbo la kumeng'enyea la seli, ambayo ndani yake mna ukali wa asidi wa pH ya 5 au chini kidogo na vimeng'enya vingi. Ukuta wa nje huungana na lisosomu. Ukuta wa ndani pamoja na mzigo huvunjwavunjwa. Protini hurudi kuwa asidi amino, zikatolewa nje ya lisosomu ili seli izitumie tena.

Swali ni kwamba, ndani ya kifuko mmebebwa nini? Yoshinori Ohsumi wa Japani alikuwa na njia nzuri ya kuchungulia. Alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kuvunja protini, akainyima naitrojeni. Kwa kuwa mzigo haukuweza kumeng'enywa, ulijazana mahali pake pa kumeng'enyea, na baada ya dakika 30 hivi ukaanza kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Aliyatangaza hayo mwaka 1992, na kazi hiyo ya hamira ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2016. Ndani ya vifuko mlikuwa na ujiuji wa kawaida wa seli uliojaa ribosomu, yaani vijiwanda vya kutengenezea protini, na mara mojamoja mitokondria. Ribosomu zile hazikuwa mbovu. Zilibebwa kwa sababu zilikuwa karibu, na kwa sababu zina protini tele. Mwenye njaa hachagui.

Mfano ninaouona mzito kuliko yote ni wa vitoto vya panya. Kabla ya kuzaliwa, kitoto hulishwa mfululizo kupitia kondo la nyuma. Kitovu kikikatika, chakula hukatika papo hapo, na maziwa bado. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba saa chache baada ya kuzaliwa, otofagosomu huongezeka sana moyoni, kwenye kiwambo cha pumzi na viungo vingine, kisha hupungua siku moja au mbili baadaye. Wakalinganisha na vitoto visivyo na jeni ya Atg5, ambayo bila yake kifuko hakikamiliki. Vyote vilitolewa kwa upasuaji na havikupewa maziwa. Vya kawaida viliishi takriban saa 21, visivyo na Atg5 takriban saa 12, na asidi amino katika damu yao zilikuwa chini.

Kitoto cha saa tatu tangu kuzaliwa kina takataka gani ya kufagia? Seli zake ni mpya kabisa. Kinavunja sehemu zake nzima ili moyo uendelee kupiga mpaka mama anyonyeshe. Ni kweli kwamba mwaka 2016 ilionekana kuwa panya wakirudishiwa Atg5 katika neva peke yake hupita siku ile ya kwanza, kwa kuwa uwezo wa kunyonya nao ulikuwa umeharibika. Lakini zile saa 12 dhidi ya 21 ni za vitoto ambavyo vyote havikunyonyeshwa.

Upande wa ufagio nao una hoja, tena nzito. Mitokondria iliyopoteza nguvu yake ya umeme hujaa protini ya PINK1 juu yake, nayo huiita Parkin iitie alama, na otofagosomu huifuata alama hiyo. Huku ni kufagia kwa kuchagua, hakuna ubishi. Mwaka 2006 panya waliozimiwa Atg5 katika ubongo tu walipata marundo ya protini katika neva na wakashindwa kutembea sawasawa. Lakini tuangalie vizuri: panya hao walikuwa wakila kama kawaida. Usafi uliowakosa ni ule wa kila siku, wa tumbo lililoshiba. Mwaka 2004 panya walionyimwa chakula siku moja hadi mbili walionyesha otofagosomu nyingi katika ini na misuli, ila katika ubongo hazikuongezeka kwa namna ya kuonekana.

Kisha kuna jambo ambalo halitajwi kabisa mitaani. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba seli ikinyimwa chakula, mitokondria zake huungana zikawa nyuzi ndefu, na kwa urefu huo zikaepuka kuliwa. Yaani njaa inapoanza, seli huzilinda mashine zake za nishati, ikala vitu vingine kwanza.

Sasa turudi kwa mfungaji, tuseme wa hapa kwetu Mombasa. Hapa, toka alfajiri kama saa 11 hadi magharibi kama saa 12 na nusu jioni, mfungaji hukaa saa 13 na ushei. Panya wa gramu 25 huunguza akiba yake haraka mno: usiku mmoja bila chakula waweza kumpunguza kama sehemu moja ya kumi ya uzito. Mtu wa kilo 70 hapungui kilo 7 kati ya daku na futari. Mchana insulini yake hushuka, na breki ya otofajia iitwayo mTOR hulegea kiasi, sikatai. Ila ini bado lina akiba ya sukari ya kutoa, na zile saa 24 au 48 za panya haziwezi kuhamishwa juu yake vivi hivi. Kisha huja futari ya mbaazi, viazi vya karai na kaimati, na asidi amino pamoja na insulini huibana breki ileile.

Ukionyeshwa picha ya seli yenye vifuko vingi, uliza kwanza kama lisosomu zinafanya kazi. Klorokwini, ile dawa ya malaria waliyoizoea wazee wetu, huingia katika lisosomu ikapunguza ukali wa asidi na kuzuia vifuko kuungana nazo. Otofagosomu hujazana, mtazamaji akadhani kazi imeshamiri, kumbe imekwama. Ndiyo maana maabara hupima mara mbili, bila klorokwini na kwa klorokwini: protini ya LC3-II iliyo kwenye vifuko ikiongezeka sana baada ya dawa, mzigo ulikuwa ukipita; ikibaki vilevile, njia ilikuwa imeziba tangu mwanzo. Kipimo cha namna hiyo huhitaji seli mkononi, mfano kipande cha msuli. Harufu ya mdomo mchana wa saumu haikionyeshi, wala wepesi wa mwili.