Namba fupi au namba ndefu: jibu la mteja liingie wapi?

Tuseme chama cha akiba na mikopo cha Busia, upande wa Uganda, kinawakumbusha wanachama marejesho ya mkopo kwa ujumbe wa simu: jibu 1 kama utalipa Ijumaa, 2 kama unaomba muda. Ujumbe ukitoka kwa jina la chama badala ya namba, mwanachama hana pa kujibia. Lazima itajwe namba ya kupokelea, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Namba fupi ina mvuto wake. Inakaa kichwani, inahimili wimbi kubwa la majibu, na mwenye namba anaweza kulipia gharama ili mteja ajibu bila salio. U-Report ya UNICEF, iliyoanza Uganda mwaka 2011, ilikusanya maoni ya vijana kwa namba 8500 bila kuwatoza. Kwa kazi kama hiyo, sioni mbadala.

Lakini namba fupi huunganishwa mtandao kwa mtandao. Ikifanya kazi MTN, haina maana kwamba Airtel nako imefunguliwa. Na chama kidogo, kwa kukwepa gharama, huishia kupanga namba inayotumiwa na wengi, ambapo kila jibu lazima litanguliwe na neno maalumu, kwa mfano AKIBA 1. Watu hawaandiki hivyo. Mwanachama ataandika "1" tu, au "nitalipa kesho mama akirudi sokoni", na mtambo hautajua ujumbe ni wa nani kati ya wapangaji wote. Mwanachama anaamini amejibu. Karani anamhesabu mkaidi.

Namba ndefu, yenye +256 mbele, haihitaji neno hilo, maana ni ya chama peke yake. Mtambo humtambua mtu kwa namba aliyotumia. (Daftari likiwa na 0772 na mtambo ukisoma +256772, namba hazitalingana, sawazisheni kwanza.) Kisha Busia ni mpakani: mwenye laini ya Kenya anaweza kuitumia ujumbe kama wa nje ya nchi, ilhali namba fupi ya Uganda haimfikii. Ubaya wake ni kwamba mteja ndiye anayelipa.

Ubaya mwingine umejificha. Wakati mwingine kinachouzwa kama namba pepe, yaani namba ndefu isiyokaa kwenye laini ya simu, ni laini ya kawaida iliyochomekwa kwenye modemu ofisini kwa muuzaji. Programu ikikwama, kumbukumbu ya laini hujaa na majibu hubaki kwenye mtandao. Dalili yake ni kimya cha saa kadhaa, halafu majibu yanamiminika kwa mkupuo. Muulize muuzaji kama namba imeunganishwa moja kwa moja na mtambo wa kampuni ya simu. Akibabaika, umeshajua.

Kwa chama hiki ningechukua namba ndefu, nikiijaribu kwanza kwa laini ya MTN, ya Airtel na ya ng'ambo ya mpaka. Siku wanachama wengi wakianza kunyamaza kwa kukosa salio, hesabu ya namba fupi ya peke yao itastahili kupigwa upya.