Wiki Tatu za Kuachama Mdomo

Nina chaneli ndogo ya YouTube ya kufundisha watu kutengeneza baiskeli wenyewe. Haina makuu: mikono yangu, spana, na sauti ya mtu anayejipenda kidogo. Balaa hili liliponifika nilikuwa na video 31, na kava zake, zile picha unazoziona kabla hujabofya video, zote zilikuwa za aina moja. Cheni imechomoka, kwenye kava unaona cheni iliyochomoka. Tairi limepasuka, unaona tairi limepasuka. Basi.

Siku moja nikajiuliza, hawa wenye chaneli kubwa mbona kwenye kava wamekodoa macho na kuachama mdomo kama watu waliofumaniwa? Lazima kuna siri. Nikaamua kufanya jaribio, na kwa kuwa najiona mtu wa haki, nikajiapiza litakuwa jaribio la haki.

Nilikuwa na video mbili zinazofanana kama pacha, moja ya kurekebisha breki ya mbele na nyingine ya breki ya nyuma. Zote dakika sita na ushee, fulana ileile, hata kikohozi cha mwanzoni ni kilekile. Ya nyuma nikaiwekea picha ya breki. Ya mbele nikaiwekea uso wangu.

Uso huo haukupatikana kirahisi. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeshika simu.

"Achama zaidi, kaka."

Nikaachama.

"Hapo unapiga mwayo. Shtuka."

Nikashtuka.

"Hapo umemeza nzi. Hebu fikiria kitu cha kutisha."

Nikafikiria idadi ya watazamaji wangu. Picha ya 64 ikakubalika.

Ya uso nikaipandisha Ijumaa jioni, kichwa chake kikiwa "Usithubutu Kugusa Breki ya Mbele Kabla Hujaona Hili!" Ya breki nikaipandisha Jumatatu asubuhi kwa kichwa cha kiungwana, "Kurekebisha Breki ya Nyuma". Msomaji mwenye macho ameshaona kwamba nilibadilisha kava, kichwa, siku na saa kwa mkupuo mmoja, halafu nikakaa kusubiri kava ijieleze. Mimi sikuona. Nilikuwa nasugua mataya.

Baada ya wiki nikafungua YouTube Studio. Pale kuna asilimia ya kubofya, yaani katika mara zote ambazo kava yako ilitokea mbele ya watu, ni mara ngapi mtu alibofya. Na kutokea kwenyewe kuna masharti: angalau nusu ya picha iwe imeonekana kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja. Uso wangu ulikuwa umeonyeshwa mara 420 ukapata mibofyo 29, karibu asilimia 6.9. Breki ilikuwa imeonyeshwa mara 5,100 ikapata mibofyo 204, asilimia 4 kamili.

6.9 dhidi ya 4! Niliruka nikagonga kichwa kwenye gurudumu lililoning'inia darini. Siku mbili zilizofuata nilibadilisha kava zote 31. Cheni, mimi nimeachama. Pedali, mimi nimeachama. Kulainisha kiti, mimi nimeachama, na hapo ndipo shangazi aliponitumia ujumbe: "Mwanangu, nimeona picha zako. Jino limekuanza lini?"

Wiki ya kwanza watazamaji wakapungua. Nikasema wanazoea. Wiki ya pili wakapungua tena. Nikasema ni msimu. Wiki ya tatu mtu asiyenijua aliandika chini ya video ya pedali, "Huyu jamaa anashtushwa na nini kila siku, si ni fundi?" Hilo likaniuma, nikamwita mdogo wangu aje anifariji.

Yeye kazi yake ni kuhesabu mali ghalani, na hana huruma na namba. Hakunifariji. Aliuliza swali moja tu: "Hao waliobofya ni akina nani?"

"Watazamaji."

"Kaka, watazamaji gani?"

Akafungua mchanganuo wa vyanzo, waliokutana na video kwenye ukurasa wa usajili, yaani wafuasi wangu, akawaweka upande mmoja, na waliokutana nayo kwingine, tukawaita wageni, upande mwingine. Kava ya uso, katika mara 420, mara 300 ilionyeshwa kwa wafuasi, nao wakabofya mara 27. Kwa wageni ilitokea mara 120 tu, ikabofywa mara mbili. Mbili! Kava ya breki kwa wafuasi ilitokea mara 350 ikabofywa mara 38, na kwa wageni mara 4,750 ikabofywa mara 166.

"Sasa piga hesabu," akasema.

Nikapiga. Kwa wafuasi, uso asilimia 9, breki karibu 10.9. Kwa wageni, uso asilimia 1.7, breki 3.5. Breki inaongoza kwa wafuasi, inaongoza kwa wageni, ukichanganya wote inashindwa. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani simu imeharibika.

Haikuharibika. Wafuasi wangu wanabofya hata nikiweka picha ya ukuta, kwa sababu wananijua. Wageni hawanijui, kwa hiyo asilimia yao huwa ndogo hata kava iwe nzuri vipi. Breki iliwapendeza watu, mtandao ukaanza kuisambaza kwa wageni kwa maelfu, na maelfu hao ndio walioishusha wastani wake. Uso haukumpendeza mtu, ukabaki nyumbani na wafuasi wangu wanaonivumilia, ukaonekana bingwa. Yaani niliiadhibu kava nzuri kwa kosa la kufanya vizuri. Mfano wa mwalimu mmoja anayefundisha watoto waliochujwa na mwingine anayefundisha yeyote anayeingia, halafu unalinganisha wastani wa madarasa yao.

Nikataka tuanze jaribio jipya hapohapo. Mdogo wangu akasema kwanza tupime jicho langu. Akachukua video ya tairi, akasema ana kava mbili, ya kwanza na ya pili, atakuwa anazibadilisha siku hadi siku kwa siku nane, mimi nisiingie Studio, yeye ataniletea namba. Akaniletea: kila moja imeonyeshwa mara 800, ya kwanza mibofyo 41, ya pili 35. Akaziweka mbili hizo kwenye skrini sambamba, akaniuliza kwa nini ya kwanza imeshinda.

Nilieleza kwa dakika kumi. Nikasema ya kwanza ina joto fulani la rangi, jicho linaanzia kwenye vali kisha linateremka kwenye mpasuko. Ya pili imepoa, haina mvuto, tairi linaonekana kama limekata tamaa. Nilitumia neno "simulizi".

"Ni picha moja, kaka. Nimeipandisha mara mbili."

Sijui kama umewahi kutamani kumezwa na sakafu ya karakana yako mwenyewe.

Ndipo akanifundisha kipimo chake cha ghalani, ambacho kinafaa pale pande zote mbili zinapokuwa zimeonyeshwa mara sawasawa. Jumlisha mibofyo ya pande mbili, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha mara mbili. Tofauti ikiwa chini ya hapo, funga mdomo. Kwetu 41 na 35 ni 76, kipeuo chake kama 8.7, mara mbili ni 17 na kidogo. Tofauti yetu ilikuwa sita. Hiyo ni bahati inayopita njia, na mimi nilikuwa nimeshaiandalia hotuba. Tena ile mibofyo miwili ya wageni kwenye uso, akasema, kwa uchache ule haitoshi hata kunung'unikia. Kilichokuwa wazi ni kwamba jaribio langu halikuthibitisha kitu, si kwamba breki ilikuwa imeshinda.

Jaribio la tatu tuliliandika kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Tuliachana na pacha. Tulichukua video moja, ile ya cheni, kwa sababu breki ya mbele na ya nyuma hata zikifanana, anayetafuta hii si yule anayetafuta ile. Kichwa hakiguswi. Kava mbili zinapokezana kila siku kwa siku 14: kava iliyokaa Jumatatu ya wiki ya kwanza, wiki ya pili inapisha Jumatatu kwa mwenzake, ili kila siku ya juma ionje zote mbili. Nani aanze, tukarusha sarafu. Watakaohesabiwa ni waliokutana na video kwenye ukurasa wa mwanzo, wale wa ukurasa wa usajili hawamo. Na hatutangazi mshindi kabla ya siku ya 14, liwalo na liwe.

YouTube ina kifaa chake cha kulinganisha mpaka kava tatu kwa wakati mmoja, watazamaji tofauti wakionyeshwa kava tofauti, nacho huangalia muda wa kutazama badala ya mibofyo peke yake, maana kava ya uongo huvuta mtu akaondoka sekunde ya tano. Hicho ni bora kuliko kupokezana siku. Chaneli yangu ilikuwa bado haijafunguliwa vipengele hivyo, ndiyo maana tukabaki na mikono yetu. Na mikono ina adha: siku ya Studio hufuata saa za Pasifiki, kwa hiyo ili namba za siku moja zisichanganyike na za nyingine, ilibidi nibadilishe kava kwa saa hizo. Kengele ililia katikati ya asubuhi, mikono imejaa grisi, siku 14 mfululizo. Siku ya tisa nilipandisha picha ya kitambulisho changu kwa haraka, nikaigundua dakika chache baadaye.

Siku ya sita nilichungulia. Uso ulikuwa mbele! Nikampigia mdogo wangu usiku, nikamwambia sayansi imesema, tufunge hesabu.

"Karatasi inasemaje?"

"Siku 14."

"Lala, kaka."

Tulisubiri siku nyingine mbili baada ya 14, maana namba za Studio huchelewa. Kila upande ulikuwa umeonyeshwa takribani mara 2,000. Cheni mibofyo 96, uso 61. Nilipiga kipimo mwenyewe, kwa mkono uliotetemeka: jumla 157, kipeuo 12.5, mara mbili 25. Tofauti 35.

Jioni hiyo nilianza kurudisha kava za zamani, moja baada ya nyingine, nikiutazama uso wangu ukitoweka mara 31. Nilipomaliza ya kiti, simu ikalia. Ni shangazi.

"Afadhali, mwanangu. Naona wamekung'oa."