Ukurasa mmoja si mhadhara mzima uliobanwa

Kitini kilichonikera wiki hii kilikuwa cha mhadhara wa historia, nacho kiligawiwa kwa nia njema: "hii ni ya wenzetu wenye disleksia." Ukurasa mmoja kweli. Lakini aliyekiandaa alichukua noti zote, akapunguza herufi mpaka saizi 9, akapanga safu mbili, akanyoosha maandishi kulia na kushoto, akatoa kopi. Mwenzake atafanya nini na karatasi hiyo? Ataikunja aiweke mfukoni, na mtihani utamkuta vilevile.

Tuanze na hesabu, maana wengi hawaifanyi. Chukua karatasi ya A4, pambizo za sentimita 2.5, herufi za Arial saizi 14, nafasi ya mstari na nusu. Utapata mistari kama 28. Ukitoa kichwa na nafasi kati ya aya, unabaki na maneno yapatayo 200 tu ya Kiswahili. Basi kazi ya kwanza ni kuchagua, nayo hufanyika kabla ya kufungua kompyuta. Jiulize mhadhiri alirudia nini, aliandika nini ubaoni, na swali la mtihani litagusa wapi. Mambo matatu au manne yanatosha. Ukiona maandishi hayaenei, futa jambo zima. Usiguse saizi ya herufi.

Kazi ya pili ni sentensi, na hapa Kiswahili chetu kina mtego wake: virejeshi. Tazama sentensi hii ya noti:

"Mkataba uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900 baina ya Sir Harry Johnston, aliyeiwakilisha Uingereza, na watawala wa muda waliokaimu nafasi ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto, ndio ulioanzisha umilikaji wa ardhi unaojulikana kama mailo."

Virejeshi sita. Anayesoma kwa shida hutumia nguvu nyingi kutambua neno moja moja, na akifika "ulioanzisha" ameshasahau kwamba kilichoanzisha ni mkataba. Anarudi mwanzo, anapotea tena. Ivunje:

Mkataba wa Buganda ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900.
Sir Harry Johnston alisaini kwa upande wa Uingereza.
Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka 3.
Watawala watatu wa muda walisaini kwa niaba yake.
Mkataba ulianzisha ardhi ya mailo.
Mailo ni ardhi ya kumilikiwa na mtu binafsi.

Kila sentensi ina mtendaji wake na jambo lake moja. Neno "mailo" limebaki, kwa sababu ndilo litakaloulizwa. Limeelezwa mara moja, na litaandikwa hivyohivyo mpaka mwisho. Ukiita mailo hapa, "umilikaji binafsi" pale na "milki ya kudumu" kule, msomaji atadhani ni vitu vitatu. Kurahisisha lugha hakumaanishi kupunguza elimu. Mwenye disleksia anaelewa historia sawa na wewe. Kinachomchosha ni njia ya kuifikia.

Mpangilio sasa. Anza mistari yote kushoto, kulia iishie popote. Kunyoosha pande zote mbili huacha mapengo kati ya maneno, na kwa Kiswahili mapengo hayo ni makubwa zaidi kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Jicho huyafuata mapengo kwenda chini badala ya kufuata mstari. Usikate neno mwishoni mwa mstari. Mkazo utie kwa herufi nene. Herufi za mlazo na mistari chini ya maneno huharibu umbo la neno, na kichwa cha herufi kubwa tupu ni vilevile.

Karatasi ya rangi ya krimu? Sawa, wapo wanaosema nyeupe inawaumiza macho, basi muulize mwenyewe. Fonti maalumu za disleksia nazo zinasifiwa sana, lakini wanaonufaika zaidi wananufaika na nafasi kati ya herufi, na nafasi hiyo unaipata hata kwa Arial.

Kabla ya kurudufu, mpe mwenzako mmoja nakala, faraghani, wala usimwombe asome kwa sauti. Mwambie atafute nani alisaini, lini, na mailo ni nini. Akikwama penye jibu lililoko karatasini, kosa ni la mpangilio wako. Kisha toa kopi kutoka kwenye nakala ya kwanza, kwa kuwa kopi ya kopi hufifia, na "b" na "d" zikififia ndipo zinapochanganyika zaidi. Faili nalo litume, liwe la maandishi. Picha ya karatasi haikuzwi vizuri, na simu humsomea kwa shida.