Sikilizeni Besi Kwanza

Jumapili iliyopita nilisikia kwaya ikiimba "Haleluya" ya Handel, nikatoka nimeumia. Waliimba sauti zote nne sawasawa, lakini kila mwisho wa mstari mwalimu aliwavuta, mapigo yakalegea. Handel aliweka kimya kimoja tu cha kushtua, pale karibu na mwisho, kabla ya ile "Haleluya" ndefu ya kufungia. Kilipofika, hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tumeshasimamishwa mara kumi.

Ule ni muziki wa Baroki uliopigwa kama wa Romantiki. Kosa hilo linatokana na namna tunavyofundishwa vipindi vya muziki wa Ulaya: Baroki hadi 1750, Klasiki hadi miaka ya 1820 hivi, kisha Romantiki. Tarehe zina kazi yake, sawa, ila sikio halisomi tarehe. Hata vyombo vinadanganya. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya "Masihi" ya Handel, ambamo ndimo ilimo "Haleluya" hiyo, akaongeza klarineti na tromboni, na bado ni Baroki.

Mimi nasema sikiliza besi. Kwa Baroki, chukua "Air" ya Bach, ile ya Suti ya 3. Fidla imeshika noti moja ndefu, na chini yake besi inatembea hatua kwa hatua, kwa mwendo uleule, kama mtu aliye safarini. Ukiivuta besi hiyo, wimbo wote unaanguka, maana ndiyo inayoubeba.

Sasa fungua sonata ya piano ya Mozart ya Do kubwa, K. 545, ya mwaka 1788. Mkono wa kushoto hausafiri tena, unatikisa akodi mahali pamoja: do so mi so, do so mi so. Wa kulia unaimba vipimo viwili, unanyamaza pigo moja, kisha vipimo viwili vingine vinaujibu. Swali, pumzi, jibu. Ukisikia muziki unaopumua kwa vipande vifupi vinavyolingana hivyo, juu ya besi nyepesi, uko kwenye Klasiki.

Romantiki ni kwa Chopin: katika Nokturni Op. 9 Na. 2, mkono wa kushoto unagusa noti ya chini kabisa, kisha unaruka juu kwenye akodi mbili, na pedali inaiacha ile ya chini iendelee kulia. Wimbo ukirudi, hurudi na mapambo mapya. Hapa ndipo mahali pa kuvuta na kuachia! Mwendo umekabidhiwa moyo wa mpigaji.

Beethoven atakusumbua, kwa sababu amesimama mlangoni kati ya Klasiki na Romantiki. Lakini Handel hana utata huo. Walimu wa kwaya, nawaomba: waacheni besi watembee, wala msiwavute mpaka Handel mwenyewe awasimamishe.