Chora ili Uliangushe Hitimisho

Swali lililonikwamisha kwenye usaili wa mchujo miaka kadhaa iliyopita lilikuwa la mistari mitatu tu, kauli mbili na hitimisho, nami niseme kama hitimisho linafuata kutoka kwenye kauli hizo. Maneno yake nimeyasahau, ila umbo lake silisahau, kwa hiyo nalivika nguo nyingine hapa:

Wauza samaki wote wa soko hili ni wanachama wa kikundi cha akiba. Baadhi ya wanachama wa kikundi cha akiba wana mkopo. Kwa hiyo, baadhi ya wauza samaki wana mkopo.

Nikatia tiki kwenye "inafuata". Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nilichora. Duara kubwa la Akiba, ndani yake duara dogo la Samaki, kisha duara la Mkopo likikatiza Akiba. Sasa mkono, wenyewe tu, ukalipitisha hilo la mwisho juu ya Samaki. Nikatazama, nikaona Samaki na Mkopo wamepandana, nikaridhika. Picha ile haikuwa na kosa lolote, ila ilikuwa moja kati ya kadhaa ambazo kauli zile mbili zinaziruhusu.

Lisogeze duara la Mkopo pembeni, limege ukingo wa Akiba bila kuligusa Samaki. Kauli ya kwanza bado ni kweli, ya pili bado ni kweli, na hakuna muuza samaki hata mmoja mwenye mkopo. Hitimisho limeanguka, na picha moja kama hiyo inatosha.

Ndiyo maana sikubaliani na namna maduara yanavyofundishwa kwenye tuisheni nyingi: chora, kisha soma jibu kwenye mchoro. Mimi nasema chora kwa nia mbaya. Jaribu kwa nguvu zote kutengeneza picha ambayo kauli zote ni kweli na hitimisho ni uongo. Ukishindwa, na ukaona ni kwa nini huwezi kuitengeneza, hapo hitimisho linafuata.

Kinachosaidia zaidi ni kuacha kuichora "baadhi" kwa duara. "Wote" ni duara ndani ya duara. "Hakuna" ni maduara mawili yaliyoachana. "Baadhi" iwe nukta, mtu mmoja tu unayejua yuko mahali fulani, kwa sababu kwenye mitihani hii "baadhi" maana yake ni angalau mmoja, na haikatazi kwamba wanaweza kuwa wote. Mtaani ukiniambia baadhi ya wageni wamekula, nitaelewa kuna waliobaki na njaa. Kwenye mtihani usielewe hivyo.

Tuijaribu nukta. Baadhi ya wauza samaki wana mkopo. Hakuna mwenye mkopo aliye mjumbe wa kamati. Je, baadhi ya wauza samaki si wajumbe? Weka nukta ndani ya Samaki na ndani ya Mkopo. Chora Kamati mbali na Mkopo. Sasa fanya fujo: lisukume duara la Kamati ndani ya Samaki, likuze utakavyo. Nukta haifikiki, kwa kuwa imekaa ndani ya Mkopo na Kamati imezuiwa kuingia humo. Hitimisho linafuata.

Ligeuze: je, baadhi ya wajumbe si wauza samaki? Linasikika kama lile lile, na hapo ndipo wengi hupotelea. Liingize duara lote la Kamati ndani ya Samaki, upande ambao Mkopo haufiki. Kauli zote zimesimama, na kila mjumbe anauza samaki. Halifuati.

Maduara yana mipaka yake. "Wengi" hayaiwezi, maana ukubwa wa duara hauhesabu watu. Hapo tumia namba. Wauza samaki wakiwa 10, 6 wana mkopo na 6 wana simu, lazima angalau 2 wawe na vyote viwili. Kitu kingine ni duara tupu. Maduara haya, aliyoyaeneza mwanahisabati Leonhard Euler katika barua zake za miaka ya 1760, huyachora makundi kana kwamba kila moja lina watu. Lakini "wote watakaochelewa watatozwa faini" haisemi kuna aliyechelewa. Mitihani mingine huchukulia kwamba kila kundi lina mtu, mingine haichukulii, kwa hiyo soma maelekezo kabla ya kutoka kwenye "wote" kwenda kwenye "baadhi".

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. "Wajumbe wote hawana mkopo" ni duara mbili zilizoachana, au ni kwamba angalau mmoja hana? Mimi nasikia la kwanza, lakini nimekutana na maswali, hasa yaliyotafsiriwa ovyo, ambayo mtunzi alikusudia "si wajumbe wote wana mkopo". Hiyo ya pili ni nukta moja ndani ya Kamati, nje ya Mkopo. Kwa hiyo kabla ya kuchora naiandika kauli upya pembeni, kwa "hakuna" au kwa "si wote", na kama majibu ya kuchagua hayakubaliani na moja, najaribu nyingine.